Dhiki ya Nafsi Kabla ya Hedhi

Mwanamke akinuna, mtaani husemwa yuko kwenye siku zake. Husemwa hata kama hedhi yake ilikwisha wiki iliyopita. Ndiyo maana daktari anapotaja PMDD, wengi hudhani ni jina la kigeni la kisirani kile kile, na mgonjwa hurudi nyumbani na aibu aliyokwenda nayo.

Herufi D ya kwanza katika kifupi hicho inatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya hali ngumu kubebeka. Wapo wanaolitafsiri jina zima kuwa sonona ya kabla ya hedhi, na wana sababu, kwa kuwa mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013 umeuweka ugonjwa huu katika kundi la sonona. Mimi naona tafsiri hiyo inawaacha nje wagonjwa wengi. Mwongozo huo unataka dalili tano, na angalau moja iwe hisia kubadilika ghafla, hasira, huzuni au wasiwasi. Yupo asiyelia hata siku moja, ila huwaka hasira hadi anajiogopa. Neno dhiki, lenye maana ya kubanwa, linawabeba wote hao. Kwa hiyo naandika ugonjwa wa dhiki ya nafsi kabla ya hedhi, na katika jina hilo neno lenye kazi kubwa kuliko yote ni "kabla".

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Homoni za mgonjwa huwa za kawaida. Ubongo wake ndio unaopokea vibaya kupanda na kushuka kwa homoni hizo baada ya yai kupevuka. Kinachobaki ni kuthibitisha hilo "kabla" kwa maandishi: kila jioni, kwa mizunguko isiyopungua miwili, mwanamke ajipe alama 1 hadi 6 kwa kila dalili, 1 ikiwa hakuna kabisa na 6 ikiwa imezidi. Asingoje mwisho wa mwezi akumbuke, maana mtu akishaamini kwamba hedhi ndiyo mkosaji, kumbukumbu huipangia ushahidi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa miaka 32, mwenye daftari la mraba kwenye droo ya cherehani. Hedhi inapoanza, anahesabu siku saba kurudi nyuma. Mstari wa hasira unasomeka 2, 3, 4, 5, 5, 6, 5. Pembeni ya ile 6 ameandika: "Nimechana gauni la mteja." Kisha anatazama siku ya 4 hadi ya 10 tangu damu ianze: 1, 1, 1, 1, 2, 1, 1. Wastani umeshuka kutoka zaidi ya 4 hadi 1 na kidogo. Mzunguko wa pili ukionyesha sura hiyo hiyo, dalili nyingine nne zikifuata mkondo huo na maisha yake yakiwa yanavurugika kweli, daktari ana ushahidi.

Lakini zile alama za 1 ni ushahidi sawa na ile 6. Wengi huandika siku mbaya tu na kuziacha nzuri wazi, na daftari la namna hiyo halisemi kitu. Mwingine huandika 5 kabla ya hedhi na 4 baada yake. Huyo hana nafuu katikati. Huenda ana sonona ya kudumu inayozidi hedhi ikikaribia, na matibabu yake ni mengine. Na anayefikiria kujiua asingoje miezi miwili ya daftari. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa inayoanza mara nyingi ni ya kundi la kuongeza serotonini, kama fluoksetini miligramu 20. Kwenye sonona huchukua wiki kadhaa. Hapa nafuu huweza kuja ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanawake huimeza tangu siku ya 14 hivi hadi hedhi ianze, wakapumzika. Inaweza kuleta kichefuchefu au kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na daktari lazima aulize kwanza kama mgonjwa amewahi kupandwa na wazimu wa furaha.

Njia nyingine ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye drospirenoni, siku 24 za dawa na 4 bila dawa. Havimfai mwenye historia ya damu kuganda, wala mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Vikishindikana, zipo sindano za kuzima ovari kwa muda. Kuondoa ovari kwa upasuaji huja mwisho kabisa, tena baada ya sindano hizo kuonyesha kwamba ovari zikinyamaza, dhiki nayo hunyamaza.

Fundi wetu haachi kuandika dawa ikianza. Mzunguko wa tatu, siku saba za kabla zinasomeka 1, 2, 2, 2, 3, 2, 2.