Usafi wa mikono na matumizi ya glovu wodini: maswali na majibu (Bugarama, Kagera)

Makala haya ni ya wanafunzi wa uuguzi wanaofanya mazoezi kwa vitendo katika vituo vya Bugarama na hospitali za Ngara na Biharamulo. Swali linalowasumbua wengi wao ni lini glovu inahitajika, na inapovaliwa, kama bado mikono isafishwe.

Nyakati tano za kusafisha mikono ni zipi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unazitaja hivi: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu, mkojo au majimaji mengine ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Muuguzi husafisha mikono kutokana na alichotoka kukigusa na anachokwenda kukigusa, si kwa kuangalia saa.

Katika kazi halisi nyakati hizi zinaingiliana vipi?

Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji, ana katheta ya mkojo na kanula mkononi. Mwanafunzi ametumwa kumwaga mkojo kisha kumchoma dawa kupitia kanula. Anasafisha mikono, anamsalimia na kumshika bega, kisha anavaa glovu za kawaida kwa sababu sasa anakutana na mkojo. Akishamwaga anazivua hapo hapo na kusafisha mikono tena. Asipogusa kitu kingine chochote, tendo hilo moja linatosha kwa nyakati mbili: baada ya mkojo, na kabla ya kanula. Dawa yenyewe anaweza kuichoma kwa mikono mitupu iliyo safi, mradi damu haivuji kwenye kanula.

Kosa linalodhuru hapa ni kwenda kwenye kanula na glovu zile zile za mkojo. Vijidudu vya kwenye mfuko vinafika kwenye mshipa wa damu, na mwanafunzi hatambui kitu kwa sababu ngozi yake mwenyewe imebaki kavu na safi. Glovu ilimlinda yeye, haikumlinda mama.

Kwa nini mikono isafishwe baada ya kuvua glovu?

Glovu huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na wakati wa kuivua ni rahisi upande wa nje kugusa kiganja au kifundo cha mkono. Ivue hivi: shika ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, ivute hadi igeuke ndani nje, ikunje kwenye kiganja chenye glovu, kisha ingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa ya pili na kuivuta iifunike ya kwanza. Usiipake glovu kitakasa mikono ili uitumie tena; kila mgonjwa ana zake.

Bomba likiwa kavu?

Kitakasa mikono chenye spiriti kinafaa mradi mikono haina uchafu unaoonekana. Jaza kiganja na usugue kwa sekunde 20 hadi 30: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha. Kikikauka kabla hujafika kwenye gumba, ulichukua kidogo. Mikono yenye damu au kinyesi huoshwa kwa sabuni na maji, kazi yote ikichukua sekunde 40 hadi 60. Mgonjwa anayeharisha pia anataka sabuni na maji, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vya kuhara haviuawi vizuri na spiriti.

Marburg inabadilisha nini?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo. Wagonjwa 10 walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha 13 Machi. Miaka miwili kabla, ugonjwa huo ulizuka Bukoba Vijijini, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Siku za mwanzo mgonjwa ana homa na kuumwa kichwa kama wa malaria, na virusi hupita katika damu, matapishi na majimaji mengine. Kwa hiyo glovu huvaliwa kwa kila mgonjwa kila damu au majimaji yanapotarajiwa, bila kusubiri jibu la maabara. Marburg ikishukiwa, mgonjwa hutengwa na msimamizi huarifiwa mara moja. Watakaomhudumia huvaa glovu jozi mbili pamoja na mavazi kamili ya kinga. Mwanafunzi hapaswi kuingia alimotengwa mgonjwa huyo.

Glovu ikitoboka kwa sindano?

Ivue papo hapo, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usilikamue jeraha. Mweleze msimamizi saa hiyo hiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 72.