Chai ya Artemisia: Nafuu Inayotangulia Uponaji

Mji wa Nkubu, Imenti Kusini, umekaa juu penye ubaridi, na malaria haistawi sana mahali kama hapo. Lakini ukishuka kidogo tu unafika Mitunguu, kwenye joto na mashamba ya ndizi yanayomwagiliwa maji, na mbele yake iko Tharaka. Mtu anayelala huko siku chache msimu wa mvua anaweza kurudi nyumbani akiwa mzima, kisha homa ikampanda baada ya wiki moja au mbili. Kwa kuwa hakukua akiugua malaria mara kwa mara kama watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, mwili wake hauna kinga ya kuupunguza makali ugonjwa huo. Wapo wanaomtilia mgonjwa wa namna hii chai ya artemisia, wakaona homa imeshuka, wakahesabu kazi imekwisha. Sisemi kwamba waliyoyaona si kweli. Mmea huo una dawa, na homa hushuka kwelikweli. Shida ni kwamba dawa iliyomo kikombeni inatosha kushusha homa bila kutosha kumaliza ugonjwa, na mgonjwa hana njia ya kuhisi tofauti.

Historia ya mmea wenyewe inalieleza jambo hili vizuri kuliko onyo lolote. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika namna ya kutibu homa za vipindi: chukua konzi ya majani, yaloweke katika maji, yakamue, unywe maji yote. Hakusema yachemshwe. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, mtafiti Tu Youyou wa Beijing alikuwa katika mradi wa siri wa serikali ya China, ulioanzishwa mwaka 1967 kutafuta dawa ya malaria. Dondoo alizopata kutokana na mmea huo zilikuwa zikifanya kazi leo na kushindwa kesho. Aliporudia maandishi ya Ge Hong alishuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzijoto 35 hivi. Mwaka 1971 dondoo hiyo iliua vimelea vyote katika panya waliojaribiwa, na mwaka uliofuata dawa yenyewe, artemisinini, ikatengwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo anayesema Wachina waliponywa na chai hii kwa karne nyingi anasahau jambo kubwa: ugunduzi ulipatikana pale mtafiti alipoacha maji ya moto, kwa sababu artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji na joto huidhoofisha.

Kenya iliihitaji dawa hiyo upesi. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, na Fansida iliyochukua nafasi yake mwaka 1998 haikudumu. Mwaka 2004 serikali ikachagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo wengi huiita AL, na mwaka 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya umma. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda wakalima artemisia kwa ajili ya kiwanda cha Athi River, hadi bei ya artemisinini ilipoporomoka duniani. Wakati huohuo shirika la Kijerumani la anamed lilikuwa likigawa mbegu za aina iitwayo A-3 na kufundisha watu kupika chai: gramu 5 za majani makavu kwa lita moja ya maji moto, inywewe kidogokidogo kutwa nzima, kwa siku 7.

Chai hiyo imepimwa. Wataalamu walipotia gramu 9 za majani katika lita moja, walipata miligramu 94.5 za artemisinini, karibu sehemu moja ya tano ya miligramu 500 ambazo mtu mzima hupewa kwa siku akitibiwa kwa artemisinini peke yake. Hayo ni majani mazuri yaliyopimwa kwenye mizani. Nyumbani mtu huchota kwa vidole, na majani hayo makavu ni mepesi kiasi kwamba gramu 5 hujaa kiganja. Tena kiasi cha dawa ndani yake hutofautiana mno kati ya shamba na shamba, na hupungua majani yakikaa ghalani. Uchungu mdomoni haukuambii lolote kuhusu kiasi hicho.

Sasa tufuate vimelea ndani ya damu. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kubeba vimelea trilioni moja. Kila baada ya saa 48 vimelea hupasua chembe nyekundu na kuingia nyingine, na katika kila mzunguko huo dozi kamili ya dawa za ukoo wa artemisinini hupunguza idadi yake mara 10,000 hivi. Siku tatu za AL, vidonge 4 kila mara, jumla 24, hugusa mizunguko miwili: kutoka trilioni moja hadi milioni 100, kisha hadi 10,000. Hivyo vilivyosalia huachiwa lumefantrini, inayokaa mwilini siku kadhaa baada ya mwenzake kutoweka. Tuseme chai nayo inaua 99 katika kila 100. Mzunguko wa kwanza vinabaki bilioni 10, wa pili milioni 100, na hapo homa imeshatulia. Wa tatu milioni moja. Siku ya 7 mgonjwa anaacha kunywa. Artemisinini hupungua nusu damuni kila baada ya saa mbili tatu, na hakuna dawa ya pili ya kulinda nyuma. Vimelea vikiongezeka mara 10 kila mzunguko, siku 12 zinatosha kurudi vilipokuwa, na mgonjwa atadhani ameumwa na mbu mwingine.

Hesabu hii nimeichagua kama mfano, lakini wagonjwa halisi wamefuata mkondo uleule. Katika utafiti uliofanywa Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, baada ya siku 7 wastani wa asilimia 74 ya waliokunywa chai hawakuwa na vimelea, ikilinganishwa na asilimia 91 ya waliotumia kwinini. Kisha katika wiki zilizofuata vimelea vilirudi kwa wengi wa kundi la chai. Mtetezi wa chai akisimama kwenye siku ya 7, ana ushahidi mkononi. Akisubiri hadi siku ya 28, ushahidi huohuo unamgeuka.

Kuna hoja nzito zaidi, kwamba jani zima lina viambata vingine vinavyoisaidia artemisinini, kwa hiyo kupima kiambata kimoja si haki. Ni wazo linalostahili kuchunguzwa, na maabara zimeonyesha dalili za jambo hilo kwa panya. Lakini utafiti uliodai kwamba chai iliishinda dawa mseto huko Maniema, Kongo, uliotangazwa mwaka 2019, uliondolewa na jarida lenyewe lililouchapisha. Wengine huegemea artemisia ya Kiafrika, inayoota yenyewe milimani kwetu, wakisema huponya bila artemisinini. Kama haina dawa inayojulikana kuua vimelea, basi mzigo wa kuthibitisha unazidi, haupungui.

Nao wanaosema usugu wa vimelea dhidi ya artemisinini ulitokana na vidonge, wala si chai, wako sahihi kuhusu chanzo: ulijitokeza Kambodia, ambako artemisinini ilikuwa imetumika peke yake kwa miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka uuzaji wa vidonge vya namna hiyo ukome. Lakini chai ni artemisinini peke yake vilevile, tena kwa dozi ndogo. Vimelea vyenye mabadiliko ya usugu vimeshathibitishwa Rwanda na kaskazini mwa Uganda. Tukivizoesha dawa kidogokidogo, tunaihatarisha AL, ambayo mkazi wa Nkubu ataihitaji akirudi kutoka Tharaka.

Inabaki hoja ya mfukoni: kituo kiko mbali, dawa huisha, na majani yapo uani. Hoja hii naiheshimu, na jibu lake ni kudai dawa ziwepo. Lakini hata hapo chai haisaidii kujua mtu anaugua nini. Katika mji wa juu kama Nkubu homa nyingi si malaria. Inaweza kuwa nimonia au homa ya matumbo, na tone la damu kwenye kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 au 20. Ikiwa ni malaria na mtoto ameanza degedege, anatapika kila kitu au hawezi kuamshwa, hakuna chai inayoweza kushuka kooni mwake. Anahitaji sindano ya artesuneti mara moja, tena baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24, kisha dozi kamili ya dawa mseto akiweza kumeza. Artesuneti hutengenezwa kutokana na artemisinini ileile ya majani hayo. Katika utafiti uliofanywa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5.