Utambuzi wa fonti
Utambuzi wa fonti ni kazi ya kutafuta jina la fonti iliyotumika katika picha kwa kulinganisha maumbo ya herufi. Tovuti kama WhatTheFont hupokea picha na kupendekeza majina, lakini fonti zinazofanana huchanganywa kwa urahisi, hivyo herufi chache hukaguliwa pia kwa macho.

Mfano ni Helvetica (1957) na Arial (1982). Katika Helvetica, mguu wa R kubwa hushuka karibu wima na ncha ya juu ya t ndogo imekatwa mlalo. Katika Arial, vyote viwili huenda mshazari. Picha ndogo au yenye ukungu huficha tofauti hizo.

Jina likishajulikana, leseni husomwa. Ndani ya faili la fonti kuna jedwali liitwalo `name`. Sehemu yake namba 13 hueleza leseni, na namba 14 hutaja anwani yake mtandaoni. Zikiwa tupu, leseni hutafutwa kwa mchapishaji wa fonti.

Arial huja pamoja na Windows. Mtumiaji anaweza kuandikia na kuchapa nyaraka kwa fonti hiyo, lakini hiyo si ruhusa ya kugawa faili lenyewe au kuliweka kwenye tovuti. Liberation Sans ina upana wa herufi uleule wa Arial, kwa hiyo mistari haihami fonti zinapobadilishwa. Tangu toleo la 2 hutolewa kwa SIL Open Font License, inayoruhusu kuitumia, kuirekebisha na kuigawa, mradi leseni iambatane nayo na fonti isiuzwe peke yake.