Kuisoma Kanga Mwilini

Kanga haina kola, mkono wala kifungo. Ukiitandaza mezani, unaona mstatili wa pamba wenye urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Vazi lenyewe halijawa vazi bado. Linakuwa vazi pale mwanamke anapolizungusha, akalikaza na kuchomeka ncha, na akilivua jioni linarudi kuwa kitambaa. Ndiyo maana maelezo mengi ya kanga katika makumbusho na vitabu yana kasoro moja: yanaeleza rangi na jina kwa ufasaha, lakini hayasemi nguo ilivaliwaje. Chini ya picha za zamani hali ni mbaya zaidi. Utakuta maneno kama “mwanamke wa Kiswahili katika vazi la kienyeji”, na hapo mwandishi amemaliza kazi.

Kwa historia ya Unguja na Mombasa, hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu namna ya kuvaa ilikuwa na maana zaidi kuliko nguo yenyewe. Katika karne ya 19 kitambaa cha kawaida kwa maskini na watumwa kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kuanzia miaka ya 1830. Merikani ikitiwa rangi ya nili ikawa nyeusi au buluu nzito, iliitwa kaniki. Mjakazi alijifunga shuka moja chini ya makwapa, mabega na kichwa vikabaki wazi. Mwanamke mwungwana alifunika kichwa. Kwa hiyo mtu aliyepita njiani hakuhitaji kuuliza nani ni nani: aliangalia mabega na kichwa.

Kisha zikaja leso. Vitambaa vya mkononi vyenye nakshi viliuzwa vikiwa havijakatwa kutoka kwenye jora, na wanawake wa pwani wakaanza kununua vipande vya leso tatu tatu, wakaunganisha safu mbili kwa mshono, wakapata nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara waliona biashara hapo. Kufikia miaka ya mwisho ya karne ya 19 viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Uingereza, Uholanzi na Uswisi, vilikuwa vinachapa nguo nzima kwa ajili ya soko hili, ikiwa na pindo pande zote nne na mji katikati. Jina, yaani maneno yanayoandikwa juu ya pindo la chini, lilifuata mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini. Mombasa wengi bado wanaiita leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa huko mwaka 1887, limejulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla” kiasi kwamba wanunuzi huitafuta pembeni mwa nguo kabla ya kusoma jina.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja. Waliokuwa wajakazi waliiacha kaniki na kuvaa kanga, tena doti nzima: upande mmoja wa kujifunga, wa pili wa kujitanda. Huu upande wa pili ndio jambo kuu. Kununua nguo yenye maua kulikuwa hatua. Kufunika kichwa na mabega kulikuwa kudai heshima ambayo jana ilikuwa ya wengine. Mwandishi anayesema tu kwamba mwanamke “amevaa kanga” ameiacha nje nusu ya habari.

Basi tuchukue picha ya aina inayopatikana kwa wingi, ya studio za Unguja kama ile ya Gomes, zilizowapiga wanawake picha mmoja mmoja au wawili wawili na kuziuza kama postikadi. Mwanamke amesimama mbele ya pazia. Tuanze na idadi: nguo ni moja au mbili, na kama ni mbili, je, nakshi ni ile ile? Zikifanana, ni doti iliyopasuliwa. Zikitofautiana, huenda alichanganya kwa makusudi au kwa uhaba, na picha peke yake haitatuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu tuangalie nguo ya ndani inaanzia wapi mwilini. Chini ya makwapa, kiunoni, au juu ya nyonga, kila mahali pana habari yake. Inashika kwa nini? Mara nyingi ncha moja hupishwa juu ya nyingine na kuchomekwa kifuani; fundo ni jambo jingine, na mkanda wa kitambaa uliokazwa kiunoni, yaani kibwebwe, unatuambia kuhusu kazi au ngoma. Andika upande gani umekuja juu. Andika ukingo wa chini unaishia wapi: kwenye shavu la mguu, kifundo cha mguu, au unagusa sakafu.

Upande wa juu unataka maneno yake. Uliofunika kichwa na kushuka mabegani ni kujitanda. Uliotupwa begani tu ni mwingine, na uliopita chini ya kwapa moja na kufungwa juu ya bega la pili ni lubega. Usiyachanganye kwa kuyaita yote “shuka”.

Jina nalo lina mahali pake. Mwanamke huizungusha nguo akianzia mgongoni na kuleta ncha mbele, kwa hiyo katikati ya nguo hubaki nyuma, na maneno hukaa chini ya makalio, yakisomwa na anayemfuata njiani. Ukiona picha ya mbele isiyo na maandishi, usiandike kwamba kanga haina jina.

Kuna mitego miwili ya upigaji picha. Wa kwanza ni picha iliyochapwa kinyume: kama herufi zinasomeka kama kwenye kioo, basi kulia ni kushoto, na kila ulichoandika kuhusu upande gani umepishwa juu hakina maana. Wa pili ni rangi. Sahani za picha za wakati ule hazikuhisi wekundu, hivyo nyekundu hutokea nyeusi, na buluu hufifia. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kinachohusishwa na harusi, kwenye picha kama hiyo kinabaki na rangi mbili tu. Andika “sehemu nyeusi” na “sehemu nyeupe”. Usitaje nyekundu usiyoiona. Kumbuka pia kwamba mpigapicha aliwapanga wanawake hawa na pengine kuwavisha alivyotaka mnunuzi, kwa hiyo postikadi inathibitisha kwamba mtindo ulijulikana, lakini haithibitishi kwamba huyu aliyepigwa ndivyo alivyotoka nyumbani kwake.

Kitenge ni habari nyingine, na ni kosa kukieleza kwa maneno haya. Nakshi yake hujirudia kote bila mji, kwa kawaida hakina jina, huuzwa kwa urefu, na mara nyingi huishia kwa fundi cherehani. Hapo mwandishi anarudi kwenye mikono, kola na marinda, na kazi yake ni nyepesi.

Picha za studio zimehifadhiwa na watu wengi. Zilizo adimu ni za nyumbani: bibi akiwa uani, shangazi kwenye harusi, miaka ya 1950 hadi 1980. Kama unazo, muulize mwenye kumbukumbu akiwa angali hai nguo ile ilifungwaje, iliitwaje na ilivaliwa lini, kisha uandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Wino hupenya karatasi na kuiharibu sura iliyo upande wa pili.