Hesabu za mapishi ku mtihani: kwa nini sahani 75 si mara saba na nusu

Mwanafunzi wa section ya hoteli na restora anaweza kujua kupika vizuri sana, lakini siku ya mtihani wa kuandika anapoteza pointi nyingi kwa swali moja tu: lile la kubadilisha resepti ya watu wachache iwe ya watu wengi. Mara nyingi kuzidisha hakumshindi. Anakosea mbele ya kuzidisha, wakati wa kuchagua namba ya kuzidishia.

Tuchukue swali moja la namna hiyo na kulifanya mwanzo mpaka mwisho. Fishi tekiniki inaonyesha nyama ya ng'ombe na viazi, ya watu 10, kila mtu sahani ya gramu 300. Vitu vyake ni hivi: nyama bila mifupa kilo 1,5, viazi vilivyokwisha kumenywa kilo 1,2, vitunguu vilivyomenywa gramu 200, nyanya gramu 400, mafuta mililita 80, chumvi gramu 20, maji nusu litre. Swali linasema: kuna karamu ya watu 75, kila mtu atapewa gramu 240. Andika vitu vyote vinavyohitajika, kisha useme ni viazi kilo ngapi vya kununua, ukijua kwamba maganda yanaondoa asilimia 20.

Namba ya kuzidishia

Wengi wanasoma "watu 10" na "watu 75", wanagawa haraka, wanapata 7,5, na wanaanza kuzidisha kila kitu. Kopi inakuwa safi, mistari imenyooka, lakini majibu yote ni ya uongo. Sababu ni kwamba sahani haiko ile ile. Ya kwanza ilikuwa ya gramu 300, ya pili ni ya gramu 240.

Njia ya kweli ni kulinganisha chakula chote kinachotoka ku nyungu, si hesabu ya watu. Nyungu ya kwanza inatoa watu 10 mara gramu 300, maana yake kilo 3. Nyungu ya karamu inapaswa kutoa watu 75 mara gramu 240, maana yake kilo 18. Sasa ndiyo tunagawa: 18 kwa 3 inatoa 6. Hiyo 6 ndiyo koefisienti, namba ya kuzidishia kila kitu.

Tofauti kati ya 6 na 7,5 inaweza kuonekana ndogo ku karatasi. Ku nyungu ni kilo 18 ao kilo 22 na nusu. Yule aliyetumia 7,5 atanunua nyama kilo 11 na robo, wakati kilo 9 zinatosha. Kilo mbili na robo za nyama ni pesa ya mwenye karamu inayopotea.

Kama swali halisemi neno juu ya uzito wa sahani, ama linasema sahani zinabaki sawa, basi kugawa watu kwa watu kunatosha, na jibu ni lile lile. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kutafuta ndani ya swali: je, uzito wa sahani umebadilika? Neno hilo mara nyingi liko mwisho wa sentensi, pale ambapo jicho limekwisha kuchoka.

Tukizidisha kwa 6 tunapata: nyama kilo 9, viazi vilivyomenywa kilo 7,2, vitunguu vilivyomenywa kilo 1,2, nyanya kilo 2,4, mafuta mililita 480, chumvi gramu 120, maji litre 3.

Viazi vya soko na viazi vya nyungu

Hapa ndipo mtego wa pili uko. Kilo 7,2 ni viazi vilivyokwisha kumenywa, walimu wanaita uzito neti. Lakini ku soko hakuna anayeuza viazi bila maganda. Inaomba kutafuta uzito briti, ule wa kununua.

Mwanafunzi anaona "asilimia 20", anafikiri hivi: nitaongeza asilimia 20 juu ya 7,2. Anapata kilo 8,64. Inaonekana kuwa sawa, lakini tuimenye ile kilo 8,64 tuone. Asilimia 20 ya 8,64 ni kilo 1,728 ya maganda. Kinachobaki ni kilo 6,912. Tulitaka 7,2. Inakosa karibu gramu 290.

Kosa linatoka wapi? Asilimia 20 ya maganda inahesabiwa juu ya viazi vya soko, vile vyenye maganda. Yeye ameihesabu juu ya viazi vilivyomenywa, na hivyo ni vichache, kwa hiyo asilimia 20 yao pia ni ndogo. Njia nzuri ni kujiuliza: kama maganda yanachukua 20 juu ya 100, kinachobaki ni 80 juu ya 100. Basi kilo 7,2 ni asilimia 80 ya kile nitakachonunua. Tunagawa 7,2 kwa 0,80 na tunapata kilo 9 kamili. Ukimenya kilo 9, maganda ni kilo 1,8, inabaki kilo 7,2. Hesabu imefunga.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: kutoka ku soko kwenda ku nyungu unazidisha kwa kile kinachobaki, kutoka ku nyungu kurudi ku soko unagawa kwa kile kinachobaki.

Kuna wanaofanya kosa la upande mwingine: wanagawa hata pale ambapo resepti imekwisha kutoa uzito wa soko. Hapo wanahesabu maganda mara mbili na kununua kupita kiasi. Inaomba kusoma fishi vizuri. Ikiandika "vilivyomenywa", "bila mifupa" ao "neti", ni uzito wa nyungu, na utagawa kama swali linaomba cha kununua. Ikiandika "briti", usiguse tena.

Kupunguza namba mapema

Katika swali letu koefisienti ilikuwa 6, namba nzuri. Ku mtihani haiko hivyo kila wakati. Tuseme resepti ya wali ni ya watu 12 na inatumia mchele kilo 1,2. Wanaomba ya watu 50, sahani sawasawa. Kugawa 50 kwa 12 inatoa 4,1666 na haiishi. Mwanafunzi anaandika 4 ili maisha yawe rahisi. Anapata mchele kilo 4,8.

Lakini kila mtu alikuwa na gramu 100 za mchele, na watu 50 wanaomba kilo 5. Zile gramu 200 zilizopotea ni sahani za watu wawili. Kwa kupunguza namba mapema, amefukuza wageni wawili ku meza.

Dawa yake ni kuacha kugawa mwanzoni. Zidisha kwanza, gawa mwisho: 1,2 mara 50 ni 60, na 60 kwa 12 ni 5. Kama ni lazima kuandika koefisienti, iandikwe na namba tatu nyuma ya virgule, kisha kupunguza kufanyike ku jibu la mwisho tu. Na kwa vitu vya kununua, inapunguzwa kwenda juu, si chini. Vitunguu vya karamu yetu, kama vinapoteza asilimia 10 ku maganda, ni 1,2 kugawa kwa 0,90, maana yake kilo 1,333. Ukinunua kilo 1,3 utakosa. Ukiandika kilo 1,35 utakuwa na vya kutosha.

Kile ambacho hakizidishwi

Maswali mengine yanaomba pia kuandika muda wa kupika. Kama nyama ya watu 10 iliiva kwa saa moja na nusu, nyama ya karamu haitaomba saa tisa. Nyungu kubwa inachelewa kuanza kuchemka, lakini ikiisha kuchemka, kipande cha nyama cha ukubwa ule ule kinaiva karibu kwa muda ule ule. Kwa hiyo koefisienti haiingii ku muda.

Maji yako katikati. Mvuke unatoka ku uso wa nyungu, na uso wa nyungu kubwa haukui mara sita kama chakula kinavyokua. Litre 3 zinaweza kuacha mchuzi mwepesi kupita kiasi. Mpishi anaanza na maji kidogo, anaongeza akiona. Chumvi na pilipili vivyo hivyo: anaweka sehemu kubwa, anaonja, kisha anamaliza. Na ile nyama kilo 9 haiwezi kukaangwa yote mara moja. Ikijazwa ku nyungu inatoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi. Inakaangwa kwa mafungu.

Lakini ku karatasi ya mtihani, kama swali linaomba kiasi, andika kile hesabu inatoa: maji litre 3, chumvi gramu 120. Kisha, chini yake, mstari mmoja kwamba maji na chumvi vitarekebishwa wakati wa kupika. Ukibadilisha namba bila kueleza, anayesahihisha ataona kosa tu.

Kujihakikisha mbele ya kutoa kopi

Kuna njia ya dakika moja ya kujua kama koefisienti ni ya kweli: rudi ku sahani ya mtu mmoja. Mwanzoni nyama ilikuwa kilo 1,5 kwa watu 10, kila mtu gramu 150. Ku karamu ni kilo 9 kwa watu 75, kila mtu gramu 120. Sahani ilishuka kutoka gramu 300 mpaka 240, na nyama nayo imeshuka kwa kiasi kile kile: zote mbili zimebaki ku asilimia 80 ya zamani. Inalingana.

Yule wa 7,5 angefanya jaribio hilo, angepata kilo 11,25 kwa watu 75, maana yake gramu 150 kila mtu. Sahani imekuwa ndogo lakini nyama haijapungua hata gramu moja. Hapo angejua kwamba kuna kitu hakiendi, na angekuwa bado na wakati wa kufuta.