Mstari Laini na Mwaka Uliopotea: Jinsi Wastani Unavyoficha Ukame wa 1961

Katika taarifa nyingi za mvua, kilimo na mifugo zinazohusu mikoa yetu ya kaskazini, msomaji hukutana na grafu yenye mstari mmoja laini unaopanda au kushuka polepole. Mstari huo kwa kawaida si mvua yenyewe. Ni mvua iliyopitishwa katika hesabu iitwayo wastani unaosogea. Hesabu hiyo ni halali na ina manufaa yake, lakini ina tabia moja ambayo mwanafunzi wa historia na mtumishi wa umma wanapaswa kuifahamu: inaweza kuufuta mwaka wa njaa ukutani, ilhali kila tarakimu iliyotumika ni ya kweli.

Tuanze na namna inavyofanyika. Unachukua, kwa mfano, jumla ya mvua ya miaka mitano mfululizo, unaigawa kwa tano, na jibu unaliandika kwenye mwaka wa katikati. Kisha unasogea mwaka mmoja mbele: unaudondosha mwaka wa kwanza, unauingiza mwaka wa sita, na kugawa tena. Ukifika mwisho unaunganisha majibu kwa mstari. Sababu ya kufanya hivyo inaeleweka kwa yeyote anayeishi chini ya Mlima Meru. Mvua ya Arusha hurukaruka mwaka hadi mwaka, na kipima mvua kimoja cha Tengeru hakiwezi kusema yaliyotokea Oldonyo Sambu au Ngare Nanyuki, upande ambao mlima unazikinga mvua za kusi. Nukta mbichi zikichorwa peke yake zinafanana na meno ya msumeno, na jicho halioni kama kwa muda mrefu mvua inapungua, inaongezeka au imetulia. Wastani unaosogea unayalainisha meno hayo.

Swali ni nini kinachoondoka pamoja na meno. Nitatumia tarakimu nilizozitunga kwa ajili ya somo, ili kila msomaji aweze kuzikagua kwa kalamu. Tuseme wilaya fulani ilipata milimita zifuatazo kwa miaka tisa:

Mwaka 1: 850
Mwaka 2: 900
Mwaka 3: 800
Mwaka 4: 450
Mwaka 5: 400
Mwaka 6: 1,500
Mwaka 7: 950
Mwaka 8: 800
Mwaka 9: 850

Hadithi ya wilaya hii iko wazi. Miaka mitatu ya kawaida, miaka miwili ya ukame mkali, mwaka mmoja wa mafuriko, kisha hali inarejea. Sasa tukokotoe wastani wa miaka mitano. Mwaka wa 3 unapata 680, wa 4 unapata 810, wa 5 na wa 6 kila mmoja 820, na wa 7 unapata 900.

Tazama kilichotokea. Mwaka wa 3, ambao mvua ilikuwa ya kawaida, ndio ulioonekana mbaya kuliko yote, kwa sababu wastani wake umebeba ukame wa miaka miwili iliyoufuata. Mwaka wa 5, ambao ng'ombe walikufa, na mwaka wa 6, ambao madaraja yalisombwa, vimepewa tarakimu ileile. Ukame na mafuriko vimelipana deni, na mstari unatuonyesha nchi inayopata nafuu taratibu tangu mwaka wa 3. Atakayeutumia mstari huo kuandika historia ataandika habari ya maendeleo ya utulivu kuhusu kipindi cha maafa mawili.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 1960 na sehemu kubwa ya 1961, ukame uliwakumba vibaya wafugaji wa Kimasai pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, katika nyanda zinazoanza mara tu unapouacha Mlima Meru nyuma yako na kuelekea Longido. Kisha, kuanzia Oktoba 1961, vuli ikaja kwa nguvu ambayo Afrika Mashariki ilikuwa haijaizoea. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na unyevu mwingi ukasukumwa kuelekea bara. Bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961 katikati ya msimu huo wa mvua.

Mtu akiichukua jumla ya mvua ya mwaka 1961 peke yake, kabla hata ya kulainisha chochote, tayari ameshachanganya mambo mawili. Jumla ya mwaka nayo ni aina ya ulainishaji: inaijumlisha miezi kumi na miwili na kusahau mpangilio wake. Miezi ya kiangazi kilichorefuka na miezi ya gharika huingia katika kapu moja na kutoka ikiwa tarakimu moja. Ukiongeza juu yake wastani wa miaka mitano, ukame wa 1960 na 1961 na mvua kubwa iliyofuata huanza kufutana kama katika jedwali letu. Lakini mifugo haiishi kwa wastani. Ng'ombe aliyekufa Septemba hanywi mvua ya Novemba, na familia iliyouza mtamba wake wa mwisho kwa bei ya kutupa hairudishiwi mtamba huyo kwa kuwa mito imejaa.

Kuna jambo la pili ambalo mstari laini huliharibu, nalo ni tarehe. Ziwa Viktoria linatupa mfano bora, kwa kuwa kina chake kimepimwa tangu mwaka 1896. Kutokana na mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961, ziwa lilipanda kwa takriban mita mbili na nusu kufikia mwaka 1964. Huo haukuwa mteremko wa polepole. Ulikuwa kama ngazi. Ukiiweka ngazi hiyo katika wastani wa miaka kumi na mmoja, ulioandikwa kwenye mwaka wa katikati, maji yanaanza kupanda kwenye karatasi takriban mwaka 1957. Wastani wa 1957 unahesabu miaka kuanzia 1952 hadi 1962, kwa hiyo umeshaonja maji ambayo mwaka 1957 wenyewe haukuwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo, kupanda kunaendelea kwenye mstari hadi karibu mwaka 1969, ingawa ziwa lenyewe lilikuwa limeshafika kileleni miaka mitano kabla.

Sasa kumbuka kwamba Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilizinduliwa mwaka 1954. Anayeutazama mstari laini anaona bwawa limekamilika, na miaka michache baadaye ziwa linaanza kupanda polepole. Hitimisho linajileta lenyewe: bwawa limelizuia ziwa. Anayezitazama nukta mbichi haoni hivyo hata kidogo. Anaona miaka saba ya kawaida baada ya bwawa, kisha mruko wa ghafla unaofuata mvua za ghafla. Tofauti kati ya masimulizi hayo mawili ni kubwa kwa kijiji kilichopoteza mashamba ya ufukweni, kwa kuwa moja linamtafuta mhandisi wa kumshtaki na jingine linatazama angani. Na tofauti yote imezaliwa na upana wa kipindi alichochagua mchoraji.

Wengine huandika wastani huo kwenye mwaka wa mwisho badala ya wa katikati, na taarifa nyingi za serikali na mashirika hufanya hivyo kwa kuwa zinataka tarakimu ya mwaka huu. Katika mfano wetu, ile 680 inahama kutoka mwaka wa 3 hadi mwaka wa 5, na 820 ya kwanza inahamia mwaka wa 7. Hakuna tarakimu iliyobadilika, lakini kila tukio limechelewa kwa miaka miwili. Kiongozi aliyeingia madarakani mwaka wa 6 anaweza kujisifu kwa nafuu au kulaumiwa kwa upungufu kutegemea tu ni wapi karani aliandika jibu la kugawanya.

Je, tuache kulainisha? Hapana. Kama swali ni kiwango cha mvua cha miongo kadhaa, na kama miaka inatawanyika kuzunguka kiwango hicho bila mruko, wastani unaosogea ni jibu jema. Nami huwataka wanafunzi wangu wauchore. Lakini huwataka pia wafanye mambo matatu kabla sijausoma.

La kwanza, nukta mbichi zibaki kwenye mchoro uleule, chini ya mstari, na mchoro useme wastani ni wa miaka mingapi na umeandikwa kwenye mwaka upi.

La pili, hesabu irudiwe kwa upana mwingine. Katika jedwali letu, wastani wa miaka mitatu unaupa mwaka wa 4 milimita 550, na sasa huo ndio mwaka wa chini kabisa, si wa 3 tena. Kilele nacho kinaangukia mwaka wa 7. Tukio linalohama kila unapobadilisha rula ni la rula, si la mvua.

La tatu, na ndilo ninalolithamini zaidi, yachorwe mabaki: yaani mvua halisi ukitoa wastani wake. Mwaka wa 4 una pungufu ya 360, wa 5 pungufu ya 420, na wa 6 ziada ya 680. Maafa yote ambayo mstari uliyameza yamo humo. Mabaki yakiwa madogo na yametawanyika ovyo, mstari umesema kweli. Yakiwa makubwa na yamejipanga kwa makundi, mstari umeficha jambo.

Kwa Arusha ningeongeza la nne: masika na vuli zitenganishwe. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010, mvua za masika zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ilhali za vuli hazikupungua kwa namna hiyo. Mstari wa jumla ya mwaka unaweza kubaki karibu tambarare huku mkulima wa mahindi aliyetegemea masika akipoteza msimu baada ya msimu. Ofisa wa wilaya mwenye mstari huo mezani atamwambia kwa nia njema kabisa kwamba mvua haijabadilika.

Njaa hupimwa kwa mwezi, msaada hupimwa kwa bajeti ya mwaka, na sera huandikwa kwa wastani wa miaka mitano. Kila hatua kutoka ya kwanza kwenda ya tatu inafuta kitu. Kabla ya kuidhinisha taarifa yoyote yenye mstari laini, ofisa na aombe karatasi ya tarakimu za mwezi zilizo nyuma yake, kwa kuwa kwenye karatasi hiyo mwaka 1961 ungali una ukame wake na mafuriko yake, kila kimoja katika mwezi wake.