22/7 ilitoka wapi? Habari ya mstari unaogawa pembe

Karibu kila mtu aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anakumbuka 22/7. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22/7, tukakariri, tukafanya hesabu za matangi na magurudumu, basi. Wachache waliuliza: kwa nini 22, kwa nini 7? Jibu lipo, lina umri wa zaidi ya miaka 2,200, na limesimama juu ya kanuni moja ya pembetatu ambayo wengi huipita haraka wakidhani haina kazi.

Kanuni yenyewe ni hii. Chukua pembetatu ABC. Kutoka kona A chora mstari unaoigawa pembe ya A nusu kwa nusu, mpaka uukute upande wa pili, BC, mahali tupaite D. Mstari huo haukati BC katikati, isipokuwa AB na AC ziwe sawa. Unaikata kwa uwiano wa pande hizo mbili: BD kwa DC ni kama AB kwa AC.

Wewe jaribu kwa karatasi. Kata pembetatu yenye AB sentimeta 12, AC sentimeta 8 na BC sentimeta 10. Ikunje ili upande AB ulale juu ya AC. Alama ya mkunjo ndiyo mstari wetu. Sasa pima BC: mkunjo unaikata sentimeta 6 upande wa B na sentimeta 4 upande wa C. 12 kwa 8, 6 kwa 4: uwiano ni uleule. Ukipata 5 na 5, ujue hukugawa pembe. Umetafuta katikati ya upande, na huo ni mstari mwingine kabisa. Kosa hili ndilo linaloonekana zaidi kwenye madaftari.

Euklide, aliyefundisha Aleksandria nchini Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka kanuni hii katika kitabu cha sita cha Elementi, ikiwa ya tatu. Uthibitisho wake ni mfupi. Kutoka C chora mstari sambamba na AD, kisha refusha BA kupita A mpaka ikutane na mstari huo, mahali E. Kwa kuwa mistari miwili ni sambamba, pembe ya E ni sawa na nusu moja ya pembe A, na pembe ACE ni sawa na nusu ile nyingine. Nusu hizo ni sawa, kwa hiyo pembetatu ACE ina pembe mbili sawa, na AE ina urefu uleule wa AC. Halafu AD, ikiwa sambamba na EC, inazikata BE na BC kwa uwiano mmoja: BD kwa DC ni kama BA kwa AE. Badala ya AE weka AC. Imekwisha.

Sasa twende Sirakusa, kisiwani Sisilia, kwa Arkimede, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi walipouteka mji huo. Alitaka kujua mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo. Huwezi kupima mstari uliopinda kwa rula iliyonyooka, kwa hiyo alilizungushia duara umbo la pande sita sawa, kila upande ukiligusa duara mahali pamoja tu. Mzingo wa umbo hilo lazima uwe mkubwa kuliko wa duara. Kisha akafanya pande kuwa 12, 24, 48, na mwisho 96. Kila mara umbo linalikaribia duara zaidi.

Shida ni moja. Kuongeza pande mara mbili maana yake ni kugawa pembe nusu. Arkimede hakuwa na kikokotoo, wala majedwali ya pembe, wala desimali. Angejuaje urefu wa upande mpya? Hapo ndipo kanuni yetu inaingia kazini.

Weka K kwenye kitovu cha duara, M mahali upande unapoligusa duara, na N kwenye kona ya umbo. Pembetatu KMN ina pembe mraba pale M, na pembe ya nyuzi 30 pale K. Katika pembetatu ya namna hiyo, KN ni mara mbili ya MN. Arkimede alichukua MN kuwa 153 na KN kuwa 306. Kwa Pitagora, mraba wa KM ni 70,227. Yeye akachukua KM kuwa 265, ambayo mraba wake ni 70,225. Kaikosa kwa 2 tu! Namba hizi alizipataje, hakueleza.

Sasa gawa pembe ya K nusu. Mstari unaikata MN mahali P. Kwa kanuni, NP kwa PM ni kama 306 kwa 265. Yaani MN yote ni mafungu 571 (306 na 265 ukijumlisha), na PM imechukua 265 kati yake. KM nayo ni 265. Kwa hiyo KM kwa PM ni kama 571 kwa 153. Ona uzuri wake: pembe imegawanywa, na sisi tumefanya kujumlisha tu.

Kwa Pitagora tena, KP inatoka kama 591 na 1/8, pale PM ikihesabiwa 153. Ijumlishe na 571, unapata namba ya mzunguko wa pili: 1,162 na 1/8. Endelea hivyohivyo: wa tatu ni 2,334 na 1/4, na wa nne ni 4,673 na 1/2. Pande zimefika 96, na mzingo wa umbo kwa kipenyo ni 96 mara 153, yaani 14,688, kwa 4,673 na 1/2.

Gawanya. Inaingia mara 3, inabaki 667 na nusu. Baki hiyo mara 7 ni 4,672 na nusu, pungufu ya 4,673 na nusu kwa 1. Kwa hiyo baki haifiki 1/7. Mzingo wa umbo ni chini ya 3 na 1/7, na wa duara uko chini zaidi. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu.

Angalia pia namna alivyokata masalio. Kila kipeuo alikishusha kidogo, hakukipandisha hata mara moja. Namba hizi ndizo tunazogawanyia mwishoni. Zikishuka, jibu linapanda, na linabaki juu ya ukweli kwa hakika. Angezikadiria kiholela, mara juu mara chini, angepata namba iliyo karibu lakini asiweze kuapa iko upande gani. Kisha akarudia kazi kwa umbo lililo ndani ya duara, akigawa pembe vilevile, akapata sakafu: 3 na 10/71.

Kwa hiyo 22/7 si thamani ya pai. Ni dari yake. Ukichora duara la kipenyo cha mita 7, kwa 22/7 mzingo ni mita 22 kamili. Wa kweli ni pungufu kwa karibu milimita 9. Kwa fundi wa tangi haidhuru kitu. Ila mwanafunzi akikuuliza kama pai ni sawa na 22/7, mwambie hapana, ni chini yake kidogo, halafu mpe karatasi aikunje.